Matangazo ya Wifi Yangu

Mimi na wifi yangu, muke wa kaka yangu, tulikuwa tunauza simu za okazyo, zilizokwisha kutumiwa, kwenye meza moja, Butembo katikati ya muji. Kila simu tuliyopata tuliitangaza kwenye site ya matangazo ambayo watu wa Beni, Butembo na Lubero wanaiangalia. Mimi niliandika kichwa cha tangazo vile simu ilivyo: «Samsung A14, 64 Go, kioo kimepasuka kwenye kona, batri nzuri, 70 $». Yeye aliandika: «SIMU YA CLASSE, KAMA MUPYA, BEI YA UPENDO!!!»

Na ni yeye waliyempigia.

Kila asubuhi alifuta tangazo lake na kuliweka upya, likapanda juu kabisa ya ukurasa, na simu yake ikaanza kulia kabla hajamaliza chai. Yangu ilikaa kimya mezani. Nilimsikia akicheka na wateja, «Ndiyo papa, iko muzuri sana, njoo tu». Nikienda kumuona mama yangu kule Musienene, aliniuliza habari za wifi kwanza. «Ule mutoto ana mukono wa biashara,» alisema akichambua maharagi. Mimi ndiye niliyemfundisha kufungua simu na kuangalia batri. Nilichambua maharagi naye, nikatupa hata yale mazuri.

Siku moja alifika mama mumoja muuza viazi, ametoka Lubero na pikipiki, vumbi mupaka kwenye nyusi. Alikuja kwa sababu ya tangazo la wifi: «Simu ya nguvu, 128 Go, haina shida». Aliketi, akaishika simu, akaingia kwenye paramètres, mipangilio ya simu, akafungua stockage, sehemu ya kuonyesha nafasi ya kuhifadhi. Hakuwa na haraka.

«Mama, hapa ninaona 64.»

«Iko na carte mémoire ya 64 ndani,» wifi akajibu. «64 na 64, si ni 128?»

«Carte ni carte. Nikiitoa, inabakia nini? Mutoto wangu anasoma Beni, anataka simu ya kuweka masomo yake. Nimeacha viazi sokoni juu ya 128.»

Watu wa meza za jirani waligeuka. Wifi alitazama chini, akaanza kusugua kioo cha simu na kitambaa, kioo ambacho kilikuwa safi tayari. Moyo wangu ulicheza. Ndiyo, ulicheza, na sikuuzuia.

Yule mama akanigeukia. «Na wewe, hauna 128?»

Nilikuwa nayo moja. Nikamuonyesha tangazo langu kwanza, ndipo simu: «Tecno Spark 10, 128 Go, mugongo una mikwaruzo, charja haiko, 80 $». Akasoma, akageuza simu, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Akafungua stockage. Akapiga simu kwa mutu fulani kusikia kama sauti iko sawa. Akalipa bila kubishana.

«Sababu gani hii sikuiona?» aliuliza.

«Ilikuwa chini kabisa ya ukurasa.»

Juma lile nilitembea kama bibi harusi. Mupaka siku ya kwanza ya juma lililofuata, nilipofungua site na kukuta juu kabisa: «Samsung A05, 64 Go, kitufe cha sauti kigumu, charja iko, 65 $». Nilidhani ni langu. Lilikuwa la wifi. Hata mupangilio ulikuwa wangu: aina, stockage, kasoro, bei.

Sasa watu walioandika «A05 64» kwenye sehemu ya kutafuta walimpata mara moja, na alikuwa bado anaamka mapema kuliko mimi. Tena picha zake! Alikuwa anaweka simu juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha lao kule Mususa, hata ufa ulionekana wazi na ulipendeza. Yule mama wa Lubero alirudi na mudogo wake. Walinisalimia vizuri, wakaketi upande wa wifi.

Nilishindwa kuvumilia. «Umechukua maneno yangu.»

Alinitazama kwa mushangao. «Maneno gani? Nimeandika vile simu iko.»

Niseme 64 ni mali yangu? Kwamba ufa ni wangu? Nilipanga na kupangua simu zangu mezani mupaka adhuhuri.

Kisha akasogeza kiti chake. «Wifi, picha zako ziko giza. Lete ile A14, ninaipeleka nyumbani niipige picha. Ule ufa uonekane vizuri, watu wasiseme tunaficha.»

Nilimpa. Nilimpa huku nikimchukia kidogo, nikaangalia jinsi alivyoifunga ndani ya kitambaa chake kwa uangalifu kuliko mimi. Jioni alinitumia picha, nikaiweka kwenye tangazo langu, na kesho yake saa nne simu yangu ililia.

«Ni wewe mwenye A14 ya kona iliyopasuka?» mwanaume wa Beni aliuliza. «Picha iko muzuri sana. Nani aliipiga?»