Nafasi ya Neno Tele

Eliaichi, mwandika mabango wa Same, hakuandika uongo. Mwaka 1983 Zebedayo mwenye duka alimwagiza: DUKA KUBWA, MFANYABIASHARA MKUBWA, BIDHAA TELE.

Eliaichi akachungulia ndani.

“Duka kubwa, sawa, lina vyumba viwili. Mfanyabiashara mkubwa, sawa, tumbo linashuhudia. Lakini tele ni ya sukari, sabuni, nguo, vitu vikiwa vingi. Hapa naona chumvi na kiberiti.”

Akaandika yote, ila baada ya BIDHAA akaacha nafasi wazi.

Miaka michache baadaye, serikali iliporuhusu bidhaa za nje, Zebedayo alijaza mitumba, sabuni na redio hadi darini, akamwita tena. Eliaichi akaandika TELE. Kisha akataka kuingia kununua sabuni, akakwama mlangoni, bidhaa zimeziba njia.

Akarudi juu ya ngazi, akaifuta KUBWA ya duka.