Mstari Juu ya Jibu Zima

Miaka kumi na moja Editha alifagia, akafua mashuka na kuandika daftari la wagonjwa katika zahanati ya misheni huko Mitundu. Mwandiko wake ulikuwa gumzo. Sista Agripina, mkuu wa zahanati, alimwambia wazi: akipata hata D ya Kemia kwenye mtihani wa kidato cha nne, parokia itampeleka chuo cha uuguzi. Asipopata, nafasi ataipata mwingine.

Mara mbili alifeli. Mara ya tatu, akiwa na miaka thelathini na mitatu, aliketi tena kwenye chumba cha mtihani miongoni mwa watahiniwa wa kujitegemea.

Msimamizi alipotangaza kuwa zimebaki dakika thelathini, Editha alikuwa amebakiwa na swali moja tu, la alama kumi na tano: eleza hatua za kusafisha maji ya mjini. Alikaribia kucheka. Maji ya zahanati nani aliyatia dawa kila asubuhi kama si yeye? Akaandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, ukurasa ukajaa.

Zikabaki dakika tano. Akapitia kazi yake, akashtuka. Klorini ameitaja kabla ya kuchuja.

Mtu mwingine angeandika namba pembeni, hii ya nne, hii ya tano, akaendelea na maisha yake. Lakini Editha alikuwa na ugonjwa wa usafi. Kwenye daftari la wagonjwa, ukurasa ukichafuka, unapiga mstari, unaandika upya. Akachukua rula, akaupiga mstari ukurasa mzima, kona hadi kona, umenyooka vizuri kabisa. Akafungua ukurasa mpya. Aliandika kichwa cha jibu, akakipigia mstari chini, maana hakuweza kuacha, kisha sentensi mbili.

"Kalamu chini," alisema msimamizi.

"Mwalimu, naomba dakika moja. Jibu lipo hapo nyuma."

"Dada, muda umeisha. Weka kalamu."

Aliiweka. Kijitabu kikachukuliwa.

Jioni alimsimulia Laurian, mwalimu wa masomo yao ya jioni. Laurian akamuuliza:

"Ulilifuta kabla hujaandika lingine?"

"Nilitaka liwe safi, mwalimu."

"Kilichopigwa mstari wasahihishaji wanakiruka, Editha. Hoja zako zote zilikuwa za kweli. Hata vurugu wanasahihisha, ila kilichofutwa hapana."

Matokeo yalitoka Januari: F. Hakuna aliyejua alikosa alama ngapi, na hilo ndilo lililomtafuna. Huenda zilikuwa mbili.

Sista hakumgombeza; afadhali angemgombeza. Alimpeleka chuoni Faith, binti wa miaka kumi na tisa mwenye D yake ya Kemia, aliyeletwa mwaka uliopita kujifunza kazi. Asubuhi ya safari Faith alipiga magoti: "Shikamoo, dada. Asante kwa kunifundisha."

"Marahaba," alisema Editha, akamchukia kwa moyo wake wote, na akambebea begi mpaka kituoni.