Mafungu Sita ya Mwalimu Makandi

Mwalimu Makandi alifundisha hesabu miaka thelathini na minne katika shule moja ya msingi pale Kiirua, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyemsikia akisema "karibu sawa". Jibu lilikuwa sahihi au lilikuwa kosa. Ukimletea saba na nusu pale anapotaka nane, anakuwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, na machozi yako ni shauri lako. Alipostaafu, wanawake wenzake wa kanisa walimfanya mweka hazina wa chama chao hata kabla keki ya kumuaga haijaisha. Wangempa nani mwingine?

Lakini huyu mama wa majibu sahihi alikuwa na hesabu moja ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Mumewe, Rwamba, afisa wa mifugo, alifariki mwaka wa 2007. Mafao yake yalitoka katikati ya mwaka uliofuata: shilingi laki nne. Ilikuwa ile miezi ambayo Meru nzima, kuanzia walimu hadi wauza viazi, ilizungumza hisa kama wanavyozungumza mvua. Makandi alivaa kofia yake ya Jumapili, akaenda mjini hadi ofisi ya wakala wa dalali wa hisa, akanunua hisa za benki moja kwa shilingi arobaini kila moja. Hisa elfu kumi, siku moja, saini moja. Alirudi nyumbani akijiona mjanja kweli kweli.

Kufikia Machi 2009 hisa ile ile ilikuwa shilingi kumi na sita. Binti yake Kathure alikuwa amepata matokeo mazuri ya kidato cha nne na alitaka kusomea ufamasia. Karo haikungoja bei ipande. Makandi aliuza zote, akapata laki moja na elfu sitini, na Kathure akaenda Embu kusomea cheti cha maabara badala ya ufamasia. "Pesa za baba yako zilikatwakatwa huko serikalini," mama alimwambia. "Hizi ndizo zilizobaki." Msichana aliitikia, akafunga sanduku lake. Ule ulikuwa uongo, na Makandi aliubeba kwenda nao kanisani kila Jumapili.

Sasa tuje Januari 2013. Chama kilikuwa kimeuza ploti yake ndogo, na katika akaunti mlikuwa na shilingi laki saba na elfu ishirini. Wanawake kumi na wawili walikaa kwenye madawati ya watoto katika chumba cha shule ya Jumapili, magoti yakigonga mbao, chupa ya chai ikizunguka. Walitaka siku moja wanunue vyumba vya kupangisha. Kwa sasa walikuwa wamekubaliana pesa iingie kwenye hisa za benki nyingine, ndogo, iliyokuwa ikifanya vizuri. Lililobaki lilikuwa namna ya kununua.

Celina alikuwa na jibu kabla ya swali. Celina huuza maharagwe na njahi, yale meusi, sokoni, na sauti yake imezoea kushindana na malori. "Si tununue tu zote leo? Mimi maharagwe yakishuka kwa bei najaza stoo siku hiyo hiyo. Sinunui debe moja nikalala, halafu kesho debe lingine."

"Na yakishuka tena kesho?" Makandi aliuliza.

"Basi nimepigwa. Ndiyo biashara, Mwalimu."

Makandi alichukua chaki. "Tuseme kuna mtu," alianza, "ana laki nne." Aliandika *mtu* ubaoni, akapiga mstari chini yake. "Akinunua zote kwa arobaini, anapata hisa elfu kumi. Bei yake ni arobaini, basi. Sasa tuseme ananunua nusu kwa arobaini. Anapata elfu tano. Bei inashuka hadi ishirini, ananunua na nusu ile ingine. Anapata ngapi?"

"Elfu kumi," wakajibu, kama darasa la tano.

"Jumla elfu kumi na tano. Amelipa ngapi kwa kila moja, kwa wastani?"

"Thelathini," Celina alisema upesi.

"Kosa. Gawanya laki nne kwa elfu kumi na tano. Ni ishirini na sita na senti sitini na saba. Pesa ikiwa ile ile, bei ikiwa chini unazoa nyingi, bei ikiwa juu unazoa chache. Kwa hivyo zile za bei rahisi ndizo zinazokuwa nyingi kwenye kikapu, na wastani unavutwa chini."

Uchaguzi mkuu ulikuwa Machi, na hakuna aliyekuwa amesahau uchaguzi uliotangulia na ghasia zake. Mikono kumi ilipanda juu: pesa igawanywe mafungu sita ya laki moja na elfu ishirini, kila baada ya miezi miwili linunuliwe moja. Celina hakuinua wake. Mwalimu hakusema ya kwamba yule *mtu* alikuwa na jina.

Ofisini kwa wakala, Mutembei, kijana mpole aliyejaza fomu za oda, alisikiliza mpango akatikisa kalamu. "Ni sawa, Mwalimu, lakini nikwambie ukweli. Hisa, ukihesabu miaka mingi, mara nyingi zinapanda kuliko kushuka. Kwa hivyo anayengoja, mara nyingi ananunua ghali. Faida ya kugawa ni kwamba zikianguka hauumii sana. Ni kama bima. Na bima inalipiwa."

"Andika fungu la kwanza," Makandi alisema.

Fungu la kwanza lilinunuliwa kwa shilingi ishirini: hisa elfu sita. Machi, watu wakiwa na hofu ya uchaguzi, bei iliteleza hadi kumi na sita, na laki moja na elfu ishirini ile ile ikaleta hisa elfu saba na mia tano. Siku hiyo Makandi aliimba akipika. Kwenye mkutano walimpigia makofi, na hata Celina alimmiminia chai.

Halafu uchaguzi ukapita, na bei ikaanza kupanda. Mei ilikuwa ishirini na nne, wakapata elfu tano. Julai ishirini na tano, wakapata elfu nne na mia nane. Septemba thelathini, elfu nne. Novemba arobaini, na lile fungu la mwisho likaleta hisa elfu tatu tu, nusu ya zile za Januari. Kila mara chama kilishangilia kwamba hisa zimepanda, na kila mara mweka hazina alikwenda kununua chache zaidi. Aliona wazi kilichokuwa kikitendeka. Angeweza kuitisha mkutano Mei na kusema tununue zilizobaki. Hakuitisha, kwa sababu kila alipofikiria saini moja ya pesa yote, mkono ulikumbuka saini ile ya kwanza.

Desemba, mzee mmoja wa Kinoru alitangaza kuuza vyumba vyake vitano vya kupangisha. Alitaka milioni moja na laki nne, na angengoja hadi mwisho wa mwezi. Hisa za chama zilikuwa thelathini elfu na mia tatu. Kwa bei ya arobaini, ukiacha ada ya dalali, zilikuwa milioni moja, laki mbili na elfu kumi na mbili. Walipungukiwa laki moja na elfu themanini na nane.

Usiku wa kuamkia mkutano Makandi aliandaa karatasi nzuri. Wastani wa bei sita za soko: shilingi 25 na senti 83. Wastani waliolipa wao: shilingi 23 na senti 76. Mistari miwili, safi, na ya kweli. Ukitia pesa sawasawa kila mara na bei zikawa zinatofautiana, wastani wako lazima uwe chini ya wastani wa bei zenyewe. Angeisoma, wangepiga makofi, angebaki mweka hazina, na upungufu ungelaumiwa mzee wa Kinoru na tamaa yake.

Aliisoma. Wakapiga makofi. Celina peke yake alikuwa na mikono mapajani.

"Mwalimu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti, "mimi sijui hizo wastani mbili. Niambie tu. Kama tungenunua zote Januari, tungekuwa na ngapi?"

Hilo lilikuwa swali la mtoto wa darasa la nne. Makandi alijua jibu tangu Mei. Alitazama karatasi yake, na kusema kweli, alitamani sana kuikunja aende nyumbani. Miaka thelathini na minne ya wino mwekundu haikumruhusu.

Alikwenda ubaoni. Laki saba na elfu ishirini, kwa ishirini. "Elfu thelathini na sita," alisema akiandika. "Tumekosa hisa elfu tano na mia saba. Leo ni laki mbili na elfu ishirini na nane. Kila mmoja wetu ni elfu kumi na tisa. Vyumba tungenunua na chenji tungebaki nayo. Bei ya Januari ilikuwa ishirini, sisi tumelipa karibu ishirini na nne. Hii karatasi yangu ni ya kweli, lakini ilijibu swali ambalo hamkuuliza."

Aliweka chaki chini.

"Na kuna lingine. Yule mtu wa laki nne ni mimi. Ni pesa za Rwamba. Nilinunua zote kwa arobaini, nikauza kwa kumi na sita. Kugawa si kosa. Bei zingeanguka, mngenishukuru. Lakini mimi sikuwaambia kwamba kungoja pia kuna gharama, na Mutembei alinieleza. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu nikawafundisha kama hesabu."

"Ungetuambia Januari," Celina alisema. "Pengine bado tungegawa. Lakini tungejua tunachagua nini."

Walipiga kura. Kitabu cha hazina kilikwenda kwa Celina, na Makandi alimkabidhi kwa mikono miwili. Kisha wakakubaliana kila mtu atafute elfu kumi na sita ndani ya wiki mbili, kujazia pesa za vyumba. Wengine waliguna, mmoja alilia. Makandi alisema angelipa ya kwake siku ya kwanza.

Alitoka akitembea haraka. Wanawake kumi na mmoja walikuwa na habari hiyo sasa, na Celina ana wateja hadi Embu. Alisimama kando ya ua wa kanisa akapiga simu. Kathure alikuwa kazini maabara, huko Embu, sauti za chupa zikisikika nyuma yake.

"Mama? Kuna shida?"

"Zile pesa za baba yako," Makandi alisema. "Hazikukatwa. Zilikuwa laki nne kamili. Nilinunua hisa kwa arobaini, zote siku moja. Nikauza kwa kumi na sita."

"Laki nne," Kathure alisema polepole. "Ufamasia ulikuwa laki tatu na nusu, Mama. Nilikuwa nimeiandika karo yote kwenye karatasi."

"Najua. Niliiona karatasi."

Simu ilibaki wazi. Hakuna aliyekata, na Makandi alisimama pale akisikiliza binti yake akipumua, hadi salio likaisha.