Karo Iliyokwenda kwa Mtu wa Kwetu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo hasira zilinipanda hata kabla ya chai. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Pale soko la Kariokor, Nairobi, jirani yangu, ambaye tulishona viatu vya ngozi naye kwenye kibanda kimoja, alishika simu kwa mikono miwili akisoma ujumbe kwa sauti. Mzazi mpendwa, akaunti ya shule inakaguliwa, karo ya muhula huu itumwe kwa nambari ifuatayo. Asiyelipa leo, mtoto hataingia.

Binti yake wa kidato cha nne alikuwa ameshaondoka alfajiri na sanduku lake. Mwaka wa mtihani huo! Mama mtu alikuwa mjane, na karo ile aliipata kwa kushona mpaka vidole vikachubuka.

"Jirani, shule gani inapokea karo kwa simu ya mtu?" nikamwambia. "Piga shuleni kwanza."

"Napiga."

Akapiga. Lakini alipiga nambari ileile iliyokuwa kwenye ujumbe! Mimi sikuona, nilikuwa nabishana na mteja aliyetaka viatu kwa bei ya kamba. Nilichosikia ni jirani akisalimu kwa Kiswahili, kisha akacheka na kuhamia lugha ya kwao kule Magharibi. Wakaongea kama waliolala kitanda kimoja utotoni.

"Ni mhasibu mwenyewe," akaniambia huku anang'aa. "Kumbe ni mtu wa kwetu! Hata mlima wa kwetu anaujua."

"Mlima hautoi risiti. Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyinyi watu wa upande wenu hamwamini hata kivuli chenu."

Tulizoea kutaniana hivyo, nikamwachia. Alipobonyeza nambari, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Lilikuwa jina la kike, lile wanalowapa kwao watoto waliozaliwa mvua ikinyesha. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha cheti. Akatuma.

Hatukumaliza hata jozi moja, simu ikalia. Binti yake, kwa simu ya askari wa getini, analia. "Mama, wamesoma majina. Sijalipiwa."

Jirani akapiga tena nambari ya mtu wa kwao. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Nikamnyang'anya simu, nikatafuta nambari ya shule kwenye fomu ya zamani ya matokeo iliyokuwa mkobani mwake, nikapiga. Laini ilikuwa imeshikwa, imeshikwa, imeshikwa. Nikawa natukana hewani mpaka muuza mikanda akaniambia niogope Mungu. Mwishowe sauti ya mwanamke ikajibu, imechoka.

"Mama, hata wewe umetumiwa ule ujumbe? Hatujabadilisha chochote. Karo ni benki tu. Wahi uwaombe watu wa kampuni ya simu wazirudishe pesa kabla wezi hawajazitoa."

Nikautuma ule ujumbe wa malipo kwa huduma ya wateja, kisha nikapiga. Nilisubiri huku muziki ukinichezea sikioni, jirani amening'ang'ania mkono. Haki, sijawahi kuomba Mungu hivyo kwa pesa zisizo zangu. Kijana wa huduma akaangalia, akatuambia pole. Pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Na jina lile? Akasema twende polisi, maana laini nyingi za namna hiyo husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pengine hata mwenyewe hajui.

Jirani akakaa chini juu ya vipande vya ngozi. "Yule mtu aliniuliza hali ya mama yangu," akasema. "Nikamwambia anaumwa. Akanipa pole." Basi hapo nikalia mimi.

Polisi walituandikia taarifa, na kesho yake tukaenda nayo shuleni pamoja na binti, aliyekuwa amerudishwa nyumbani. Mwalimu mkuu alikuwa na wazazi wengine wa aina yetu nje ya ofisi. Aliisoma, akashusha pumzi, akasema mtoto ataingia, karo italipwa kidogo kidogo. Nilitamani kumbusu. Binti akapita na sanduku bila kugeuka nyuma, alivyoogopa wasije wakabadili nia.

Akabaki mhasibu, wa kweli sasa, wa kupanga naye malipo. Mwanamke mnene, mpole. Alipoona jina la jirani kwenye karatasi, uso ukamlainika, akaegemea dirishani na kumsalimia kwa lugha yao, taratibu, na mkono ameunyoosha.

Jirani yangu aliutazama ule mkono.

"Tafadhali," akasema, "niongeleshe Kiswahili."