Ngozi ya Ukoo

Kwetu Mbumbuni mtoto hakuhesabiwa kuwa wa baba mpaka shangazi ampapase muundi. Alingoja atambae, hata asimame dede, kwa sababu ngozi yetu haionekani siku ya kuzaliwa. Halafu siku moja angekuja, amkalishe mtoto mapajani na kupitisha kidole kutoka gotini kushuka. Akikuta magamba madogo ya kijivu, yaliyopangana kama ya samaki, alicheka na kusema, huyu ni wetu. Akikuta ulaini alimrudisha kwa mama na kusema, chukua mtu wako wa Zombe.

Mama, tuliyemwita mwaitu, alitoka Zombe, ng'ambo ya Kitui, na ngozi yake ilikuwa laini. Tulizaliwa sita, watatu wa shangazi, watatu wa Zombe. Mimi nilikuwa wa shangazi. Shuleni nikaitwa kenge, na sitajifanya kwamba sikuumia. Miguu na mikono ilikuwa magamba mbele na nyuma, ila kwenye mikunjo ya magoti na viwiko, na viganja vilijaa mistari kama vya bibi kizee. Miezi ya baridi kavu ilinichana. Baba alikuwa na ngozi hiyo hiyo. Alipofanya kazi Mombasa, joto la unyevu lilimlainisha mpaka akarudi nyumbani akijisifu, na kabla mwezi haujaisha magamba yalikuwa yamerudi. Hakuna aliyekufa kwa ngozi hiyo. Ilikuwa ni yetu tu, kama wengine walivyo na meno yenye mwanya.

Nyanya, mama yake baba, hakuwa nayo. Yake ilikuwa ngozi ya uzee. Kila Julai miundi yake ilipauka, ikawasha, ikatoa vumbi jeupe ukiikuna. Tulimpunguzia sabuni na maji ya moto, tukampaka mafuta ya mbarika akitoka tu kuoga, na baada ya siku chache miguu inang'aa. Mvua zikija hata kuwashwa alisahau.

Mama aliishi kati yetu miaka yote hiyo akitaniwa kuwa mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe alipewa, akalima mpaka mgongo ukapinda, lakini mgeni akabaki. Alicheka pamoja nao. Nadhani ilimchosha.

Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa nguo pale sokoni, kwenye miaka ya themanini, wakati miguu ya mama ilipoanza kubadilika. Si vumbi. Magamba, ya kijivu, yameganda katikati na kuinuka pembeni. Yalianza miundini yakapanda mapajani. Tulipaka mbarika, tukapaka mafuta ya mgando, yakalowa tu na kung'aa, hayakutoka.

Shangazi alikuja Jumapili baada ya kanisa. Akamketisha mama kwenye kigoda, akampapasa muundi kama mtoto, polepole, kutoka gotini kushuka. Kisha akacheka mpaka machozi.

"Sasa wewe ni wetu," akasema.

Ilikuwa ni sherehe. Baba alichinja kuku. Kwetu mwanamke akiolewa ni wa ukoo wa mume, hilo kila mtu analijua, na wazee waliokuwepo walikubaliana kwamba ukila chungu kimoja na watu miaka thelathini, mwishowe hata ngozi inakubali. Nilikasirika, nikauliza mbona nyanya alikula chungu hicho hicho mpaka akazikwa na hakupata. Wakasema nina mdomo. Na mama alikuwa amefurahi kweli, amenyoosha miguu yake juani watu waione. Ningemwambia nini?

Lakini mimi ndiye niliyemshonea nguo. Rinda la Pasaka nililipunguza kiunoni, na kabla ya Krismasi nikalipunguza tena. Asubuhi leso aliyolalia ilikuwa imelowa jasho, akaianika nyuma ya jiko asionekane. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu niliyaona, ila sikujua ni mvua gani. Nilipotaka twende hospitali baba alisema hospitali haitibu ukoo. Nilimwudhi wiki nzima mpaka akakubali, akasema atakuja mwenyewe ahakikishe hatudanganywi.

Daktari wa wilaya alikuwa kijana mtulivu. Aliitazama miguu, akaitazama na yangu, kisha akauliza mama ameanza kuwa na ngozi hiyo lini.

"Sisi wote tuko nayo," baba akajibu.

"Mzee, nauliza huyu. Tangu utoto?"

Mama akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni mwaka huu tu.

Daktari aliacha kalamu. Akampapasa shingoni, kwapani, na kwenye kinena nyuma ya pazia, na nilisikia akimwuliza uvimbe huo una muda gani, na mama akijibu kwamba hauumi. Aliporudi alitueleza bila kuzunguka. Ngozi kama yangu na ya baba hurithiwa kwa damu, na haiingii kwa ndoa. Ngozi ya wazee kukauka ni kitu cha kawaida, hutulia kwa mafuta. Lakini magamba kama haya yakimwanza mtu ukubwani, tena anakonda, lazima kutafutwa kitu kingine ndani: pengine tezi ya koo imelegea, pengine dawa anazokunywa, pengine ni kitu kibaya zaidi. Kwa ajili ya uvimbe ule alitaka wakate kipande kidogo wakipime.

Majibu yakaja. Saratani ya tezi za mwili, zile zile zilizovimba. Baba aliuliza mara mbili kama si ukoo, na nikamchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Nairobi walimpiga sindano zilizomtapisha mpaka akawa hana nguvu ya kushika kikombe. Lakini uvimbe ulinywea. Na kitu ambacho sikutarajia, magamba yakaanza kudondoka. Yalibaki kwenye shuka kama pumba, chini yake ngozi laini, ya Zombe. Shangazi alipokuja alimpapasa tena, safari hii hakuwa na utani, akasema tu, rudi kuwa mgeni, tumekubali. Tulikaa na furaha hiyo kuanzia mvua za masika. Baba alizoea kumshika mguu akipita, kama mtu anayekagua mlango kama umefungwa.

Julai ikaja na baridi yake. Nilikuwa nikimpaka mafuta baada ya kuoga, kidole kikakwama muundini.

Nikajiambia ni baridi. Ameshakuwa mzee, Julai ni Julai, hata nyanya alipauka. Nikapunguza sabuni, nikapaka asubuhi na jioni, nikimwomba Mungu vumbi, vumbi tu, jeupe, la kukunwa. Sijawahi kutamani kitu kidogo hivyo. Mafuta yakakaa juu, yakang'aa. Chini yake yalikuwa yale yale, ya kijivu, yameinuka pembeni. Tarehe ya kurudi Nairobi ilikuwa karibu, na dawa walizokuwa nazo kule walikuwa wameshampa zote.

Mama alikuwa akinitazama uso, si mguu.

"Hii ni ya nyanya yako," akauliza, "ama ni ile yangu?"

"Ni ya nyanya, mwaitu. Ni baridi."

Akautazama mkono wangu uliokuwa umesimama pale pale.

"Basi paka tena," akasema.

Nikapaka tena.