Makarai Yaliyotaka Kujiandikisha

Mwaka wa 1997, kikundi cha elimu ya uraia kilimpa Adero kipaza sauti, na ufuo wote wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, ukajuta. Mama huyu muuza samaki alikuwa na hasira za karibu hata bila chombo hicho. Kutwa alizunguka akinguruma: "Jiandikisheni kupiga kura! Uwe umetimiza miaka kumi na minane, uje na kitambulisho cha taifa. Ni bure! Hakuna atakayekuuliza chama chako! Na utapigia kura pale pale ulipojiandikishia!"

Asubuhi iliyofuata, akitoka ufuoni kununua samaki wa kuuza, alirudi shule ya msingi iliyokuwa kituo cha kujiandikisha, akamkuta karani wa uandikishaji ameshika kiuno. Mbele yake palikuwa na foleni ndefu ya makarai matupu, kila moja na kitambulisho ndani, kimegandamizwa kwa jiwe. Watu hakuna. Dunga, ukisubiri mashua, unaacha karai likushikie nafasi. Wenyewe walikuwa wameenda kununua omena, wale dagaa wa ziwani.

"Mama, mimi siandikishi makarai," karani akasema. "Kila mtu aje mwenyewe."

Adero akawaka. Akainua kipaza sauti: "Nyinyi watu! Karai lina miaka kumi na minane? Karai litapiga kura? Njooni wenyewe!"

Wakaja mbio, mikono ikinuka omena. Karani akainamia karai la kwanza kabisa, akachukua kitambulisho, akasoma.

"Adero Opiyo ni nani?"

"Ni mimi," Adero akanong'ona, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

Ufuo wote ukasikia.