Mti wa Kalista kwenye Ubao wa Nyakanazi

Ukishuka basi pale Nyakanazi, usikimbilie kwanza mishikaki. Vuka upande wa gereji, upite kibanda cha Gidioni muuza chipsi, utakuta miche ya parachichi imepangwa chini ya kivuli cha majani makavu ya migomba. Hapo ndipo alipo Ernesta, mama wa Kirushya, kule Ngara, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, anayebebesha miche, yaani kuunga kikonyo cha mti bora kwenye shina la mche wa kokwa, kwa wembe na utepe wa nailoni kwa ufundi ambao wengine husomea chuo. Tatizo lake halikuwa ufundi. Tatizo lake ni kwamba hakuna aliyemjua.

Na mche wa parachichi, jamani, ni kitu cha kununua gizani. Uliobebeshwa na ule uliooteshwa kwa kokwa tu, mtu asiyejua kutazama kovu la shina, pale kikonyo kilipoungwa, ataiona sawa. Ukweli anaujua baada ya miaka mitatu, wakati muuzaji keshahama. Miaka minne iliyopita walipita vijana na pikapu wakauza miche ya kokwa kwa jina la ile ya kisasa, na watu waliolizwa bado wana hasira. Kwa hiyo wateja walikuja, wakatazama, wakauliza, wakasema "nitarudi," wakapanda basi. Mvua za Desemba zilikuwa zinanyesha, mizizi imeanza kutoboa viriba vya nailoni na kuingia ardhini. Miche isipotoka kabla mvua hazijakatika, kazi ya mwaka mzima ingekuwa ya kulisha mbuzi.

"Jitungie wateja," Gidioni alimshauri. "Andika, 'Mimi mama fulani wa Rulenge, nimefurahi sana.' Nani atakwenda Rulenge kuuliza?"

Ernesta alimwangalia mpaka akarudi kwenye karai lake. Wateja wa kweli alikuwa nao, aliowauzia nyumbani kabla hajahamia barabarani. Jumamosi moja akapanda gari la Ngara, akawazungukia. Wawili walimpa maneno mafupi ya adabu, ya aina ya "miche ni mizuri, tunashukuru." Kwa mzee Projestus ndiko alikokuta maajabu. Mti mmoja, miaka minne tu, umebeba mpaka matawi yameegemezwa kwa miti ya mikaratusi. Projestus akasimama kando yake, kifua mbele, akaongea kama mgombea udiwani. Ernesta akamuomba ruhusa ya kuweka maneno na picha yake hadharani. Mzee akakubali kabla swali halijaisha. Mkewe, Kalista, alikuwa jikoni akipika maharage ya mgeni, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu: ukifika kwenye mji wa mtu, ukishaongea na mwenye mji, umeshaongea na wote, hata na kuku.

Picha ikachapwa, maneno yakaandikwa kwa kalamu nene, yote yakafunikwa nailoni na kupigiliwa kwenye ubao kando ya miche. Wiki hiyo watu walianza kusimama. Wanasoma, wanaangalia mti, wanaangalia miche. Ernesta mwenyewe alikuwa anauangalia ule ubao asubuhi na kushangaa kwamba mtu mmoja, aliye mbali, anaweza kukusemea kwa watu usiowajua.

Siku ya Alhamisi alifika Jovitha, katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa Kasulo. Walitaka miche mia mbili. Alikuwa mmoja wa waliolizwa na wale vijana wa pikapu, akaufikia ubao kwa macho ya polisi, akasoma maneno ya Projestus mara mbili, akaanza kulegea.

Ndipo basi la kutoka Ngara likashusha abiria, na miongoni mwao mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge cha kijani, anakwenda Biharamulo kumtazama binti yake aliyejifungua. Akauona mti pichani. Akasogea, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari: *Mti huu nimeupanda mwenyewe na kuutunza kwa mikono yangu. Projestus, Kirushya.*

"Shikamoo, mama," alisema Ernesta, akimtambua mke wa Projestus.

"Marahaba." Kalista hakugeuka. "Huu mti nimeupanda mimi. Projestus alikuwa Kahama siku ile. Maji nimebeba mimi, mbolea nimebeba mimi. Yeye huwa anakuja kuuegemea."

Gidioni aliacha kugeuza chipsi. Jovitha alikuwa amesimama palepale, mkoba mkononi.

Ernesta angeweza kusema neno moja la kulainisha, angoje mteja aondoke. Mimi ningefanya hivyo, nakwambia kweli. Yeye alichomoa misumari minne, akaibandua picha mbele ya wote, akampa Kalista.

"Niliomba ruhusa kwa asiye mwenyewe," alisema. "Nisamehe, mama. Wewe ndiye nilipaswa kukuuliza, na sikukuuliza."

"Kumbe hata wewe ubao wako una uongo," alisema Jovitha.

"Mti ni wa kweli. Maneno hayakuwa ya mwenyewe," Ernesta alimjibu. Hakumgeukia Kalista amtetee, wala hakumwomba kitu. Jovitha alifunga mkoba, akaenda kusubiri gari la Kasulo. Oda ya miche mia mbili ikaondoka naye.

Kalista alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, picha mapajani, mpaka gari la Biharamulo likaondoka bila yeye.

"Chukua kalamu," alisema.

"Si lazima, mama. Wala sitakupa mche wa bure kwa kunisifia."

"Nani kakuambia nakusifia? Andika. Nilinunua mitano. Miwili ilikufa. Mmoja uliliwa na mbuzi wangu, hilo ni langu. Wa pili ulikauka wenyewe, nikakuambia, ukaniletea mwingine kwa miguu, mvua inanyesha. Hilo ni lako. Minne iko hai, na mmoja ndio huu."

Ernesta aliandika kila neno, kisha akamsomea. Kalista akamsimamisha mahali pamoja, akataka mbuzi waandikwe wazi. Sura yake isiwekwe, jina liwekwe. Namba ya simu isiwekwe, wanaume wa barabarani wana maneno. Siku akichoka, karatasi ishushwe bila maswali. Halafu akaongeza: "Anayetaka kuuona mti, aje. Asije Jumapili asubuhi, nakuwa kanisani."

Ernesta akaipigilia misumari karatasi ubaoni. Alikuwa amefanya kazi na mimea maisha yake yote, akajiona anajua kitu kinavyoshika na kuota. Hakuwahi kuona mtu aliyekosewa akimpa mkosaji jina lake alishike hadharani.

Jovitha, akingali anasubiri gari ng'ambo ya barabara, aliwaona. Akavuka, akasoma. Akarudia kusoma pale palipoandikwa miwili ilikufa.

Jumanne iliyofuata Ernesta alipanda kwenda Kirushya kufuata vikonyo vya kubebeshea. Alipokaribia kwa Projestus akasikia sauti nyingi. Akina mama kumi na moja wa Kasulo walikuwa wamesimama shambani, na Kalista katikati yao, mkono juu ya kovu la shina, akiwaeleza namna shina lilivyokuwa jembamba siku alipoupanda mche. Nyuma yao alikuja Projestus, amebeba viti viwili kichwani na kimoja mkononi.

"Mke wangu anafundisha," alimwambia Ernesta kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Subiri kidogo, usimkatishe."

Ernesta akaweka kikapu chini, akasubiri.